Barua ya wazi kwa shirika kiongozi: nafasi ya kuhamisha fedha mliyopewa na mfadhili isiishie kwenu

Kwa Mkurugenzi Mtendaji na Wajumbe wa Bodi,
Shirika kiongozi wa mradi wetu wa maji vijijini,
Dar es Salaam.

Yah: Masharti ya bajeti ya ruzuku ndogo, tarehe za taarifa na uhamisho wa fedha

Ndugu Mkurugenzi, Ndugu Wajumbe wa Bodi,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Ninawaandikia kwa niaba ya asasi yetu hapa Kilwa, ambayo mimi ndiye msimamizi wake wa fedha. Suala hili tumeliandikia barua kwa afisa wenu wa mradi, tukaliandikia tena idara yenu ya fedha, kisha likazungumzwa kwenye kikao cha washirika na kuingia katika muhtasari. Jibu limekuwa lilelile, kwamba linafanyiwa kazi. Mradi unafungwa Desemba 2025, na baada ya hapo hakutakuwa na kasma ya kurekebisha wala kijiji cha kupelekea fedha hizo. Kwa hiyo tumeamua kuandika hadharani. Majina ya mashirika nimeyaacha kwa makusudi. Tunachotaka ni mkataba ubadilike, na asasi nyingine zilizo chini ya viongozi wao zipate cha kulinganisha na mikataba yao.

Kwa msomaji ambaye hajafanya kazi katika mpangilio huu, nieleze kwa ufupi. Mkataba mama mmesaini ninyi na mfadhili, chini ya Masharti ya Jumla ya ruzuku za Umoja wa Ulaya kwa miradi ya nje. Sisi tuliingia kama mwombaji mwenza, kwa hiyo gharama zetu ni gharama za mradi sawa na zenu. Kisha ninyi na sisi tukasaini mkataba wa pili, ule tunaouita wa ruzuku ndogo, wa miezi 36 kuanzia Januari 2023. Fungu letu ni shilingi 240,000,000, limegawanywa katika vifungu vikuu sita: watumishi milioni 84, safari milioni 24, vifaa milioni 36, ofisi milioni 16, huduma za nje milioni 20 na shughuli za vijijini milioni 60. Ndani ya kila kifungu kuna kasma ndogondogo.

Hoja zetu ni nne. Ya kwanza ndiyo kubwa kuliko zote, na nitakaa nayo zaidi.

1. Uhamisho wa fedha kati ya vifungu

Mkataba mama unawapa ninyi nafasi pana. Fedha zinaweza kuhama kutoka kasma moja hadi nyingine ndani ya kifungu kikuu kilekile, na hata kutoka kifungu kikuu kimoja hadi kingine, bila marekebisho rasmi ya mkataba, mradi kila kifungu kinachoguswa kisibadilike kwa zaidi ya asilimia 25 ya kiasi cha awali na lengo la msingi la mradi libaki palepale. Mnachotakiwa ni kumjulisha mfadhili kwa maandishi, si baada ya taarifa inayofuata. Ipo mipaka: utaratibu huu haugusi gharama za jumla za uendeshaji, akiba ya dharura wala viwango vilivyokubaliwa kama malipo ya mkupuo. Hilo tunalijua na hatuombi lipuuzwe.

Mkataba mliotupa sisi unasema kitu kingine kabisa. Kasma yoyote, si kifungu kikuu bali kasma, haiwezi kubadilika kwa zaidi ya asilimia 5 bila kibali chenu cha maandishi. Na kibali hicho hakina muda wa kutolewa.

Acheni nieleze lilivyotukuta mwaka 2024. Kimbunga Hidaya kilipopiga pwani yetu mwanzoni mwa Mei, mafuriko yalikata barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Lindi pale Somanga. Ziara zetu za vijijini zilisimama. Visima vya pampu za mkono katika vijiji vya mradi viliingiwa na maji ya mafuriko. Baadhi ya sakafu za zege zilizozunguka pampu zilipasuka, na maji machafu yakawa yanarudi kisimani kupitia nyufa. Kazi iliyohitajika ilikuwa wazi kwa fundi yeyote: kuchimbua na kumwaga upya sakafu, kubadilisha mabomba na mipira ya pistoni, kusukuma maji yote machafu nje, kisha kutia klorini na kupima kabla ya watu kurudi kuchota. Makadirio yetu yalikuwa shilingi milioni 5 zaidi ya tulichokuwa nacho kwenye vifaa.

Fedha zilikuwepo. Zilikuwa kwenye safari, na safari hazikufanyika. Katikati ya Mei tuliomba kuhamisha milioni 5 kutoka kifungu cha safari kwenda kifungu cha vifaa. Tazameni hesabu. Milioni 5 ni asilimia 20.8 ya safari zetu na asilimia 13.9 ya vifaa vyetu. Hata kwa kipimo cha bajeti yetu ndogo pekee, tulikuwa ndani ya asilimia 25. Kwa kipimo cha bajeti nzima ya mradi, ambayo ndiyo mfadhili anayoitazama, kiasi hicho kilikuwa kidogo zaidi. Lakini kwa kanuni yenu, kasma ya vipuri vya pampu ilikuwa na milioni 6, na asilimia 5 yake ni shilingi 300,000. Hizo ndizo tulizoruhusiwa kuhamisha kwa uamuzi wetu. Laki tatu hazitoshi hata kukusanya saruji, kokoto na fundi kwa visima vilivyoharibika.

Jibu lenu lilikuja Agosti. Lilisema robo ya Aprili hadi Juni imeshafungwa, hivyo salio la safari haliwezi kuguswa. Kwa miezi hiyo akina mama wa vijiji viwili walirudi kwenye madimbwi na visima vya wazi walivyoviacha tulipoweka pampu. Mwisho wa mwaka, salio lilelile la safari likaonekana kwenye tathmini yenu ya washirika, na mbele yake mkaandika kwamba asasi yetu ina uwezo mdogo wa kutumia fedha. Mtanisamehe nikisema hapa hapakutendeka haki. Fedha mlizozizuia zisihamishwe haziwezi baadaye kuwa ushahidi kwamba hatukuweza kuzitumia.

Kuna jambo ambalo pengine halijafika mezani kwa Bodi: zuio hili linawaumiza na ninyi. Chini ya mkataba mama, kama matumizi halisi ya mradi hayajafikia asilimia 70 ya malipo yaliyotangulia, malipo yanayofuata yanapunguzwa kwa tofauti hiyo. Chukulieni mfano: mkipokea euro 200,000 na mradi ukatumia 120,000 kwa sehemu anayogharamia mfadhili, mlitakiwa kufika 140,000, kwa hiyo malipo yajayo yanapungua kwa 20,000. Fedha iliyokwama kwenye kasma ya mshirika ambako haina kazi, huku kasma ya jirani ikilia njaa, inahesabiwa kwenye upungufu huo. Inaanza kuwa salio letu na inaishia kuwa pengo lenu.

2. Tarehe za taarifa

Mfadhili anawataka taarifa ndani ya siku 60 baada ya kipindi cha taarifa kumalizika. Sisi mnatutaka taarifa ya kila robo mwaka ifikapo tarehe 5 ya mwezi unaofuata, ikiwa na vielelezo vyote.

Kodi ya mapato inayokatwa kwenye mishahara, PAYE, kisheria hulipwa kabla au ifikapo tarehe 7 ya mwezi unaofuata. Mishahara ya Desemba tumelipa Desemba, lakini kodi yake inaweza kwenda TRA tarehe 6 Januari na bado tuko ndani ya sheria. Taarifa ya tarehe 5 haiwezi kuwa na stakabadhi ya malipo hayo. Mara zote tumeandika kiasi hicho kama deni la kipindi, kama mhasibu yeyote angefanya, na mara zote idara yenu imekikata kwa maelezo kwamba hakina kielelezo. Robo inayofuata tunakirudisha, na tunaulizwa kwa nini gharama ya robo iliyopita imeingia robo hii. Michango ya NSSF ina mkwamo uleule, na taarifa ya benki ya mwisho wa mwezi nayo huwa bado hatujaipata ikiwa na muhuri.

Kibaya zaidi ni kwamba tarehe zinatubana sisi peke yetu. Mkataba unasema awamu inayofuata italipwa siku 30 baada ya taarifa kukubaliwa, ila hausemi taarifa ikubaliwe lini. Fedha za robo zimekuwa zikifika robo ikiwa imebakiwa na wiki chache. Wakati huohuo ili tuombe awamu nyingine tunatakiwa tuwe tumetumia asilimia 85 ya iliyotangulia, ilhali ninyi mnapimwa kwa asilimia 70. Asasi iliyopokea fedha za robo katikati ya mwezi wa mwisho wa robo hiyo ina njia mbili: inunue kwa haraka bila nukuu za bei zinazotakiwa, au ifike tarehe ya mwisho ikiwa na salio. Njia ya kwanza inazaa hoja za ukaguzi. Ya pili inazaa kucheleweshwa tena. Anayetaka kujua kama ugonjwa huu upo katika mradi wake aangalie daftari la fedha la mshirika: akikuta manunuzi mengi yamerundikana katika siku kumi za mwisho za kila robo, aanze kuuliza tarehe ambayo fedha ziliingia benki.

3. Ukomo wa bei na ukomo wa shilingi

Bajeti yetu ina ukomo wa aina mbili. Upo ukomo wa kasma nzima, huo hatuna neno nao. Upo pia ukomo wa bei ya kipimo kimoja: lita ya mafuta isizidi shilingi 2,900, siku ya gari isizidi kiasi fulani, na kadhalika. Bei kikomo za mafuta nchini hutangazwa na EWURA kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na mwaka 2023 petroli ilivuka shilingi 3,000 kwa lita. Hakuna kituo cha mafuta Kilwa kitakachotuuzia kwa bei tuliyokadiria tukiwa tunaandika andiko la mradi. Mfadhili hulipa gharama halisi zilizothibitishwa. Bei za kipimo katika bajeti ni makadirio ya kufikia jumla. Ninyi mmezifanya kuwa ukuta, na kila lita inayozidi inakatwa, hata pale tulipotumia lita chache kuliko tulizopanga na kasma nzima ikabaki na fedha. Makato hayo tumeyalipa kutoka michango ya wanachama wetu.

Ukomo wa shilingi ni suala jingine. Mfadhili anawalipa kwa euro. Bajeti yetu ya milioni 240 ilipangwa kwa kiwango cha shilingi 2,500 kwa euro, yaani euro 96,000, na mkataba ukaigandisha kwa shilingi. Kufikia katikati ya 2024 euro moja ilikuwa zaidi ya shilingi 2,800. Nusu ya fungu letu ilikuwa bado haijalipwa: milioni 120, ambazo kwa kiwango cha mkataba ni euro 48,000. Euro hizohizo kwa 2,800 zinatoa milioni 134.4. Tofauti ya milioni 14.4 iko mahali fulani katika mradi huu, na hatujaambiwa ni wapi. Hatusemi imepotea. Matumizi ya mradi hurudishwa kwenye euro wakati wa kutoa taarifa, hivyo kama haikutumika na mshirika yeyote, itaonekana tu kama matumizi pungufu na mwisho wake itabaki kwa mfadhili. Wakati huohuo saruji, mabomba ya kuagiza na mafuta vimepanda kwa sababu ileile ya shilingi kushuka. Kupanda kwa bei kumeletwa kwetu, lakini nafasi iliyotokana na kiwango cha kubadilisha fedha haikuletwa.

4. Asilimia 7 ya gharama za uendeshaji

Hapa sitakaa sana. Mkataba mama unaruhusu hadi asilimia 7 ya gharama za moja kwa moja kwa ajili ya uendeshaji, na hesabu yenu inajumuisha matumizi yetu. Kwa milioni 240 hiyo ni shilingi 16,800,000. Sisi tunalipa ukaguzi wa mwaka, umeme, intaneti na muda wa mtunza vitabu anayeandaa hizo taarifa za tarehe 5. Katika milioni hizo 16.8 hatujapata hata senti.

Majibu tunayoyatarajia

Mtasema shirika kiongozi ndilo linalowajibika mbele ya mfadhili, na gharama ikikataliwa ni ninyi mtakaorudisha fedha. Ni kweli, na ni mzigo mzito. Lakini gharama hukataliwa kwa kukosa kielelezo, kwa kukiuka taratibu za manunuzi, au kwa kufanyika nje ya kipindi na lengo la mradi. Haikataliwi kwa sababu vipuri vimeongezwa na safari zikapunguzwa ndani ya kiwango mlichoruhusiwa. Kikwazo mlichoweka hakizuii hatari mnayoihofia.

Mtasema pia kwamba kila mshirika akipewa asilimia 25, mradi mzima utavuka asilimia 25. Hesabu inakataa. Kama kila mshirika, na ninyi mkiwemo, atabaki ndani ya robo ya kiasi chake katika kila kifungu, basi jumla ya mabadiliko katika kifungu hicho haiwezi kuzidi robo ya jumla ya kifungu. Wawe washirika watatu au kumi, matokeo ni yaleyale. Kinachohitajika ni jedwali moja linaloonyesha kiasi cha awali cha kila mshirika kwa kila kifungu, mabadiliko yaliyokwisha fanyika yakijumlishwa tangu mwanzo, na nafasi iliyobaki. Nimeliandaa na nimeliambatisha kwenye nakala yenu. Linaingia kwenye ukurasa mmoja.

Na mtasema tulisaini. Tulisaini, baada ya mkataba mama kuwa umeshasainiwa na shughuli za kwanza zikiwa zimeshaanza kuhesabiwa, na Masharti ya Jumla tulipewa baadaye tulipoyaomba. Saini yetu inatufunga hadi mkataba urekebishwe. Kuurekebisha ndiko tunakokuomba, na kwa mabadiliko ya mkataba wetu wa ndani hamhitaji ruhusa ya mtu yeyote.

Tunachoomba

Kwanza, uhamisho upimwe kwa kifungu kikuu. Ndani ya kifungu, mshirika ahamishe kati ya kasma na kueleza kwenye taarifa. Kati ya vifungu, hadi asilimia 15 mshirika awajulishe kabla ya kutumia. Kati ya 15 na 25 aombe, nanyi mjibu ndani ya siku 10 za kazi, muda huo ukipita kimya ombi lihesabiwe limekubaliwa. Zaidi ya 25 ni marekebisho ya mkataba mama, na ombi la namna hiyo linatakiwa limfikie mfadhili siku 30 kabla ya mabadiliko kuanza, kwa hiyo mshirika alilete kwenu mapema zaidi ya hapo. Dharura kama ya Mei 2024 ijibiwe ndani ya siku tatu.

Pili, taarifa ya robo iwe tarehe 20. Ninyi mtoe maswali ndani ya siku 15, na fedha zilipwe siku 15 baada ya majibu. Kigezo cha kuomba awamu kiwe asilimia 70, mnachopimwa nacho ninyi. Salio la robo lihamie robo inayofuata bila barua.

Tatu, ukomo wa bei ya kipimo uondolewe kwa mafuta na vifaa vya ujenzi, ubaki ukomo wa kasma pamoja na nukuu za bei. Mtupe kwa maandishi kiwango cha euro kilichotumika katika kila awamu, ili ijulikane nafasi ya shilingi iliyopo kabla mradi haujafungwa. Kwa fedha zilizobaki, tunaomba zielekezwe kwenye visima ambavyo sakafu zake bado hazijamwagwa upya; orodha yake mnayo.

Nne, asilimia 7 igawanywe kulingana na matumizi ya kila mmoja kuanzia awamu ijayo. Tuko tayari kujadili sehemu mtakayobaki nayo kwa kazi halisi ya usimamizi mnayoifanya juu ya fungu letu.

Tunaomba kikao cha Bodi na washirika wote kabla ya tarehe 31 Machi 2025, na rasimu ya marekebisho ya mkataba ije mezani siku hiyo. Vitabu vyetu viko wazi; mkaguzi wenu wa ndani anakaribishwa Kilwa wakati wowote kabla ya kikao hicho, na barua zote za maombi ya uhamisho pamoja na majibu yenu nimezipanga kwa tarehe katika jalada moja kwa ajili yake.

Wenu katika kazi,

Msimamizi wa Fedha,
kwa niaba ya asasi mshirika,
Kilwa Masoko, Februari 2025

Nakala: Washirika wote wa mradi